Saladi Iliyoandikwa Bila Mafuta Yake

Mtu anayeandika kila anachokula, iwe kwenye daftari au kwenye programu ya simu, akikuonyesha saladi yake ya mchana, usianze kusoma jumla ya kalori. Anza na safu ya mafuta. Ukikuta hapo gramu moja au sifuri, na bakuli lenyewe ulikuwa umeliona linang'aa, basi jua kilichoandikwa ni mboga tupu. Sosi haimo.

Njia hii ya kukagua inafaa kwa sababu mboga za saladi karibu hazina mafuta kabisa. Changanya nyanya, tango, karoti, kitunguu na majani ya saladi mpaka ufikishe nusu kilo, ule zote, na mafuta utakayopata ni kama gramu moja tu. Vinavyoweza kuipandisha safu hiyo bila sosi ni vichache na vinajulikana: parachichi, karanga, mbegu, jibini, mayai, nyama na samaki. Kama hakuna hata kimoja kati ya hivyo na bado safu inasoma gramu 15, ujue mwandishi ameikumbuka sosi. Kama inasoma moja, ama hakutia kitu, ama alitia akasahau. Kachumbari ya nyanya, kitunguu, pilipili na ndimu ina haki yake ya kuandikwa karibu na sifuri, maana watu wengi wa pwani na bara huitengeneza bila tone la mafuta. Saladi ya kabichi ya kwenye sherehe haina haki hiyo.

Sababu ya sosi kusahaulika ni kwamba haijazi bakuli. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ilhali gramu moja ya wanga au ya protini ina kalori 4. Hesabu hiyo ya 4, 4 na 9 tumeirithi kutoka kwa mkemia Mmarekani Wilbur Atwater, aliyefanya kazi yake mwishoni mwa karne ya 19, na ndiyo bado inayotumika kwenye lebo za vyakula. (Kalori ninayoitaja humu ni ile iliyozoeleka, ambayo wanasayansi huiita kilokalori.) Upande wa pili, tango na majani ya saladi ni maji kwa zaidi ya asilimia 90, kwa hiyo gramu 100 za tango zina kalori 15 tu hivi. Mimina kijiko kimoja cha mafuta juu ya sahani iliyojaa tango na jicho halitaona mabadiliko zaidi ya mng'aro. Lakini kwa hesabu ya kalori, umeongeza kiasi kinacholingana na gramu 800 za tango.

Mtu anapokaa jioni kukumbuka alichokula, anakumbuka alichokiona na kukitafuna: majani, nyanya, kuku. Mafuta hayatafunwi. Watafiti wa lishe wanalijua hilo vizuri, na ndiyo maana Idara ya Kilimo ya Marekani ilipotengeneza utaratibu wake wa kumhoji mtu juu ya chakula cha jana, iliugawa katika hatua tano badala ya swali moja. Kwanza mtu anaachwa ataje vyakula kwa haraka, kisha anakumbushwa vile ambavyo watu huvisahau, halafu anaulizwa saa na mlo, halafu kila chakula kinarudiwa kimoja kimoja: kilipikwaje, uliongeza nini juu yake, kiasi gani. Mwisho kuna mapitio ya kumalizia. Sosi ya saladi hujitokeza kwenye ile hatua ya nne, ya kurudia kimoja kimoja. Anayejiandikia mwenyewe hana mtu wa kumuuliza swali la nne, kwa hiyo inabidi ajiulize: kwenye hii saladi, nini kilimiminwa?

Ukubwa wa pengo linaloweza kutokea ulionekana katika utafiti uliochapishwa mwaka 1992 kwenye jarida la kitabibu la New England, uliofanywa New York na Steven Lichtman na wenzake. Walichukua watu wanene waliokuwa wakisema wanakula chini ya kalori 1,200 kwa siku na bado hawapungui. Badala ya kutegemea maneno, walipima nishati ambayo miili ya watu hao ilitumia kweli, wakaona kwamba kwa wastani waliripoti pungufu ya walichokula kwa asilimia 47. Utafiti ule haukusema ni chakula gani hasa kilichoachwa, na siwezi kuutupia lawama yote kwenye mafuta ya saladi. Ila unaonyesha kwamba karibu nusu ya chakula inaweza kupotea njiani kati ya sahani na daftari, na anayeandika asijue.

Sasa tuingie jikoni, tulifuate bakuli moja mpaka mwisho.

Tuseme mama mmoja anatengeneza saladi ya watu watatu. Anakata majani ya saladi gramu 150, nyanya tatu zenye gramu 300, tango gramu 200, karoti moja ya gramu 100 na nusu kitunguu, gramu 50. Mboga zote zina uzito wa gramu 800 na jumla ya kalori 170 hivi. Hapo hata akikosea gramu 50 kwenye nyanya, kosa lenyewe ni kalori 9. Usahihi wa mboga hauna thamani kubwa, na kwa maoni yangu anayepima majani kwa gramu kisha akamimina mafuta kwa macho ameweka bidii yake mahali pasipohitaji.

Sosi yake ni ya kawaida: mafuta ya alizeti, maji ya limau, kijiko kidogo cha asali, haradali kidogo na chumvi. Mafuta hayapimi kwa kijiko. Anaiweka chupa nzima kwenye mizani ya jikoni, inasoma gramu 742. Anamimina bakulini kiasi anachopenda, anairudisha chupa kwenye mizani, inasoma 687. Tofauti ni gramu 55, na hiyo ndiyo hesabu ya mafuta. Hakuchafua kijiko, hakukadiria, na mafuta yaliyobaki yanachuruzika mdomoni mwa chupa hayakuhesabiwa kwa sababu hayakuingia bakulini, mradi asiyapanguse kabla ya kupima mara ya pili.

Kuna watu hufanya kinyume, wakaweka bakuli kwenye mizani, wakairudisha kwenye sifuri na kumimina juu yake. Kwa nyanya inafaa. Kwa mafuta yanayotiwa kidogo kidogo, mizani nyingi za bei nafuu zina tabia mbaya: zikiona uzito unaongezeka polepole sana huuchukulia kuwa ni mtikisiko wa mizani yenyewe na kujirudisha, kwa hiyo matone yanaingia na namba haisogei. Kupima chupa kabla na baada kunaondoa tatizo hilo. Angalizo moja: usijaribu kwa dumu la lita tano. Mafuta peke yake mle ndani yana kilo 4.6, na mizani nyingi za nyumbani mwisho wake ni kilo 5. Hamishia mafuta kwenye chupa ndogo ya matumizi ya kila siku. Wanaonunua mafuta ya kupima dukani tayari wana chupa hiyo.

Gramu 55 za mafuta ni kalori 495. Ongeza limau, ambalo ni kalori 5, asali kalori 20, na haradali inayokaribia 5, sosi nzima inafika 525. Bakuli lote basi lina uzito wa gramu 887 na kalori zinazokaribia 700. Rudi nyuma kidogo uzitazame namba hizo: mboga zilizojaza bakuli ni 170, na kile kilichomiminwa, ambacho kingeenea kwenye kikombe kidogo cha kahawa, ni 525.

Mama yetu anajipakulia gramu 250. Anagawa 250 kwa 887, anazidisha kwa 695 ambayo ndiyo jumla kamili, anapata 196. Angeandika mboga peke yake kwa uzito uleule angepata zisizozidi 55. Pengo ni kalori 140 kwa mlo mmoja wa saladi, na kama ni saladi ya kila siku, pengo hilo linajirudia kila siku kimyakimya. Kwa mtu aliyejipangia kupunguza kalori 300 kwa siku, karibu nusu ya mpango wake imekwenda hapo.

Watu wawili wengine mezani watauliza vipi kuhusu kile kimiminika kinachobaki chini ya bakuli. Swali ni la haki. Chumvi huzivuta nyanya na tango zitoe maji, na mwisho wa mlo hubaki mchuzi mwembamba wenye mafuta yanayoelea. Ukiupima wote kama sosi utajipunguzia kupita kiasi, kwa sababu sehemu kubwa ni maji ya nyanya. Anayetaka kujua kweli aumimine kwenye glasi angavu, asubiri dakika chache mpaka mafuta yapande juu, kisha ayateke kwa kijiko na kuyapima. Tuseme yamebaki gramu 15 za mafuta ndani ya mchuzi wa gramu 70. Toa kalori 135 kwenye jumla, toa gramu 70 kwenye uzito, na hesabu ya mama inashuka kutoka 196 hadi kama 171. Ni kalori 25. Mimi nisingejisumbua isipokuwa tabaka la mafuta linaonekana wazi. Na kama kuna mtu wa nyumbani mwenye desturi ya kuchovya kipande cha mkate mle chini mpaka bakuli likauke, basi hakuna cha kutoa. Yaliyobaki yote ni yake na yaandikwe kwenye jina lake.

Asiye na mizani atabaki na kijiko, na kijiko kina mambo yake. Kijiko cha chakula kinachotajwa kwenye vitabu vya mapishi na kwenye programu za simu ni kipimo cha mililita 15. Mafuta ni mepesi kuliko maji kidogo, mililita moja ina gramu 0.92, kwa hiyo kijiko hicho kina gramu karibu 14 na kalori kama 120. Kijiko cha chai cha mililita 5 kina kalori 40. Lakini kijiko unacholia wali nyumbani hakikutengenezwa kuwa kipimo. Kuna chembamba kinachobeba mililita 10 na kuna cha mviringo kinachozidi 15. Kukijua chako, kijaze maji, yapime kwa mizani ya jirani au ya duka, na kila gramu ya maji ni mililita moja. Au jaza maji kwa bomba la sindano la kunyweshea watoto dawa, ambalo lina alama za mililita, uone kijiko kinajaa wapi. Ukishajua kwamba kijiko chako ni mililita 11, basi mafuta yake ni gramu 10 na kalori 90, na unaweza kukitumia miaka yote bila mizani.

Linalobaki ni kumimina kwenye kijiko kabla ya kwenda bakulini. Wengi humimina moja kwa moja kutoka kwenye chupa kisha huandika kijiko kimoja, kwa kuwa ndicho walichokusudia. Mdomo mpana wa chupa hutoa vijiko viwili au vitatu wakati mtu anazungumza na simu.

Swali lingine linaloulizwa ni aina ya mafuta. Alizeti, zeituni, mawese, nazi na mahindi hutofautiana sana kwa ladha, kwa bei na kwa aina ya mafuta yaliyomo, lakini kwa kalori yote yako karibu na 900 kwa gramu 100. Mafuta ya zeituni yana sifa zake njema, ila hayana punguzo. Ukikuta chupa imeandikwa 3,700 usishtuke, hiyo ni kilojuli, na ukigawa kwa 4.2 unarudi kwenye kalori.

Mayonezi inadanganya kwa namna yake. Kwa kuwa ni nyeupe na nzito, watu huihesabu pamoja na maziwa, wakati mayonezi ya kawaida ni mafuta kwa asilimia 70 hadi 80, yaliyoshikwa na kiini cha yai na siki. Gramu 100 zina kalori zinazozunguka 700. Na tofauti na mafuta, mayonezi hupanda juu ya kijiko. Kijiko kilichosawazishwa kina gramu 14 na kalori karibu 95. Kijiko kilekile kikijaa kilima kinaweza kubeba mara mbili yake, na daftari litasema kijiko kimoja vilevile.

Chukua saladi ya kabichi ya sikukuu. Kabichi iliyokatwa gramu 500, karoti zilizokwaruzwa gramu 150, mayonezi gramu 150, kijiko cha sukari, siki kidogo. Kabichi na karoti zina kalori 185 kwa pamoja. Mayonezi ina 1,050. Sukari inaongeza kama 50. Jumla inakaribia 1,285 kwenye uzito wa gramu 820, na pakuo la gramu 120, ambalo kwenye sahani ya pilau huonekana kama pambo la pembeni, lina kalori zipatazo 190 na mafuta gramu 16 hivi. Kabichi tupu ya uzito huo ingekuwa na kalori 30. Na kwenye sherehe ndiyo inayopakuliwa kwa mkono mwepesi kuliko vyote, kwa sababu watu wamejizuia kwenye nyama.

Anayepika nyumbani ana nafasi nzuri hapa. Ananunua chupa ya mayonezi, anasoma kalori za gramu 100 kwenye lebo, anapima chupa kabla na baada, basi. Angalia tu kwamba lebo haikupi kipimo cha pakuo badala ya gramu 100. Kwenye bidhaa za Marekani pakuo la mayonezi ni kijiko kimoja, na la sosi nyingine za saladi ni vijiko viwili, gramu 30. Anayesoma kalori 130 kwenye chupa ya sosi ya malai akadhani ni za kijiko kimoja atajizidishia, na anayemimina robo chupa akaandika pakuo moja atajipunguzia sana. Mayonezi iliyoandikwa nyepesi mara nyingi ina nusu ya kalori au chini ya hapo. Ni nafuu ya kweli mradi asiongeze kiasi. Mtindi mzito uliochanganywa na limau na kitunguu saumu unashuka chini zaidi, kwa kuwa gramu 100 za mtindi wa maziwa yasiyoondolewa malai zina kalori 60 hadi 100 hivi.

Tomato sosi, pilipili ya chupa, siki na soyasosi ziko upande mwingine kabisa. Kijiko cha tomato sosi kina kalori karibu 20, nyingi zikiwa za sukari. Soyasosi ina 10 au chini. Ukizisahau kwenye hesabu ya kalori hujaharibu kitu. Anayezihitaji kwenye daftari ni yule anayefuatilia sukari au chumvi kwa maelekezo ya daktari, kwa sababu kijiko kimoja cha soyasosi kinaweza kubeba karibu nusu ya chumvi ya siku nzima inayopendekezwa.

Kuna mafuta mengine yanayoingia saladini yakiwa yameshafichwa ndani ya kitu kingine, na haya huwapita hata wanaopima sosi kwa uangalifu. Jodari wa kopo aliyehifadhiwa kwenye mafuta ana kalori karibu 200 kwa gramu 100 hata baada ya kumwagwa mafuta. Wa kwenye maji ana kama nusu ya hizo. Biringanya iliyokaangwa kabla ya kupoa na kuingia saladini hufyonza mafuta kwa kiasi cha kushangaza. Vipande vya mkate vilivyokaushwa kwenye kikaango, karanga zilizokaangwa, kuku aliyekaangwa badala ya kuchomwa, vyote hivyo lazima viandikwe kwa jina la vilivyopikwa. Ukiandika biringanya mbichi, umeandika kalori 25 kwa gramu 100 na kuyaacha mafuta yote kikaangoni.

Kwa kikaango kidogo hesabu ni ileile ya chupa: pima yaliyoingia, acha yapoe, mimina yaliyobaki kwenye kikombe, pima, toa. Yanayobaki kama utando kwenye chuma ni gramu moja au mbili, yapuuze. Kwa kukaanga kwenye mafuta mengi njia hii huyumba, kwa sababu kuku hutoa mafuta yake mwenyewe na makombo huzama chini. Hapo ni bora kutumia namba ya chakula kilichokaangwa kutoka kwenye jedwali. Tanzania ilipata majedwali yake ya virutubisho vya vyakula mwaka 2008, na Kenya ikatoa yake mapya mwaka 2018 pamoja na kitabu cha mapishi ya kienyeji kilichopigiwa hesabu. Ni msaada mkubwa kuliko namba za vyakula vya ng'ambo, ingawa hakuna jedwali linaloweza kujua mkono wako ulimimina kiasi gani.

Programu za simu zina mtego wake. Kwenye programu kama MyFitnessPal sehemu kubwa ya vyakula vimeingizwa na watumiaji wenyewe, na ukitafuta saladi utapata majibu mengi yanayopishana kwa mara kumi. Jingine ni mboga tupu, jingine lina kuku na jibini, jingine halisemi. Usilichague kwa jina; fungua usome safu ya mafuta, tumerudi palepale. Kama ni gramu moja, hilo halina sosi, na sosi uiandike kando. Kama ni gramu 20, sosi imo, na ukiongeza mafuta ya chupa utakuwa umeyahesabu mara mbili. Kosa hili la pili hutokea kwa watu waangalifu zaidi, na huwafanya waone namba kubwa wasiyoielewa. Njia safi ni kuingiza kila kiungo chenyewe mara moja, kukihifadhi kama mapishi yako, na kila siku kubadilisha gramu za mafuta peke yake.

Kuna pia mafuta ya kupuliza yanayouzwa kwenye maduka makubwa, yakitangazwa kuwa na kalori sifuri. Kwa sheria za lebo za Marekani chochote chenye chini ya kalori 5 kwa pakuo kinaweza kuandikwa sifuri, na pakuo lililowekwa hapo ni mpulizo wa sehemu ndogo ya sekunde. Ndani ya kopo ni mafuta yaleyale. Anayepuliza kwa sekunde nne tano anatia kalori 30 au 40 hivi, ambazo bado ni chache kuliko kijiko.

Baada ya wiki mbili tatu za kuandika, kuna ukaguzi mmoja wa kufanya ambao hauhitaji mizani kabisa. Fanya kama mwenye duka anayelinganisha bidhaa zilizotoka rafuni na pesa zilizoingia. Lita moja ya mafuta ni gramu 920 na kalori zinazokaribia 8,300. Andika tarehe ulipofungua chupa na tarehe ilipokwisha. Tuseme nyumba ya watu watatu imeimaliza kwa siku kumi: hiyo ni gramu 92 kwa siku, kama gramu 31 kwa kila mtu, kalori 275 hivi. Sasa fungua daftari ujumlishe mafuta uliyoandika kwa siku hizo kumi. Ukikuta umeandika gramu 10 kwa siku, kuna gramu 20 zilizotoka kwenye chupa na hazikufika daftarini, na mafuta ya kukaangia yaliyomwagwa yanaweza kueleza sehemu tu ya hizo. Ugawaji wa sawasawa si kamili, baba anaweza kula zaidi ya mtoto, lakini pengo la mara tatu haliletwi na mtoto.

Nisieleweke kwamba nawapiga vita mafuta ya saladi. Katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa uliochapishwa mwaka 2004, watu walipewa saladi ileile yenye sosi isiyo na mafuta, sosi yenye gramu 6 za mafuta, na yenye gramu 28. Kwa ile isiyo na mafuta, miili yao karibu haikufyonza kabisa zile rangi za karoti na nyanya ambazo baadhi yake mwili huzigeuza kuwa vitamini A. Walikuwa watu saba tu, hivyo namba zenyewe zichukuliwe kwa kiasi, lakini mwelekeo ulikuwa wazi: mafuta yalivyozidi, ufyonzaji ulizidi. Anayeondoa mafuta yote ili daftari lipendeze anakula karoti zisizomfaa sana. Kijiko kimoja cha chai au viwili kwa sahani, vikapimwa na kuandikwa, ni makubaliano ninayoyaona ya busara.

Kwenye mgahawa huna chupa ya kupima, na hapo inabidi ukadirie kwa utaratibu. Mwambie mhudumu alete sosi pembeni. Kikombe kidogo kinacholetwa mara nyingi hubeba mililita 30 hadi 60, yaani vijiko viwili hadi vinne. Mwisho wa mlo tazama kimebaki kiasi gani na uandike kilichopungua. Kama sosi imeshachanganywa jikoni, isome sahani. Majani yaliyopakwa mng'aro mwembamba bila dimbwi chini huenda yana kijiko kimoja kikubwa cha mafuta. Kukiwa na dimbwi la mafuta sahanini, au kabichi ikiwa imefunikwa na weupe usioruhusu kuona rangi ya karoti, andika vijiko viwili vikubwa vya mafuta au vitatu vya mayonezi na usijadiliane na nafsi yako. Makadirio hayo yanaweza kukosea kwa kalori 80 huku au kule. Bado yako karibu na ukweli kuliko sifuri, na tofauti na sifuri, hayakosei upande uleule kila siku.